Mtego Kwanza, Pampu Baadaye: Vipimo vya Mtego wa Mafuta na Shimo la Maji Taka kwa Mgahawa wa Chini ya Ardhi

Wahandisi wenzangu, mafundi bomba, wasanifu majengo, na nyinyi wenye migahawa mliokuja kusikia kwa nini tunawagharimu hela nyingi kwa vitu msivyoviona, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie mgahawa ulio kwenye ghorofa ya chini ya ardhi. Mgahawa wa namna hii una tatizo ambalo wa juu haulijui kabisa: bomba la maji taka la mtaani liko juu ya sakafu yake. Maji ya jikoni hayawezi kutoka kwa mteremko, kwa hiyo lazima yakusanywe shimoni kisha pampu iyapandishe. Na kwa kuwa ni jikoni, maji hayo yamebeba mafuta, kwa hiyo lazima kuwe na mtego wa mafuta pia. Vitu viwili, mtego na shimo. Kila kimoja kina kanuni yake ya kupimwa, na hapo ndipo watu wanapoteleza, kwa sababu wanachukua kanuni ya kimoja wanaipachika kwenye kingine.

Nianze na mpangilio, maana ukikosea mpangilio, vipimo vyote vitakavyofuata ni kazi bure.

Mara nyingi mwenye jengo huja na wazo linaloonekana la busara. Anasema, nafasi ya chini ni finyu na kodi yake ni kubwa, kwa nini tusiyakusanye maji yote shimoni, tuyasukume juu kwa pampu, halafu mtego wa mafuta tuuweke nje uwanjani ambako kuna nafasi na gari la kunyonya linafika? Mtego ni mtego, utakamata mafuta popote ulipo.

Hautakamata, na sababu yake inahesabika. Mtego hauna mashine ndani. Unafanya kazi moja tu: unapunguza mwendo wa maji ili tone la mafuta, ambalo ni jepesi kuliko maji, lipate muda wa kupanda juu kabla maji hayajatoka upande wa pili. Mwendo wa tone kupanda unategemea kipenyo chake kikizidishwa kwa chenyewe. Tone likipunguzwa kipenyo mara mbili, linapanda polepole mara nne. Likipunguzwa mara tatu, mara tisa.

Sasa chukua mtego uliopimwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 1825, kinachotaka robo ya mita ya mraba ya uso wa maji kwa kila lita moja kwa sekunde inayoingia. Gawanya mwenyewe: mtego huo ukifanya kazi kwa kiwango chake kamili, tone linatakiwa lipande walau milimita 4 kwa sekunde, la sivyo linabebwa na kutoka. Tone la mafuta lenye kipenyo cha kama milimita 0.3 linaifikia kasi hiyo. Lakini lipitishe kwanza kwenye pampu ya maji taka, ambayo bapa lake linazunguka maelfu ya mara kwa dakika, na tone hilo linapasuliwa vipande. Vipande vya milimita 0.1 vinapanda kwa chini ya nusu milimita kwa sekunde. Mafuta yanachanganyika na maji hadi mchanganyiko unafanana na maziwa, unapita mtegoni kana kwamba mtego haupo, halafu unakwenda kupoa na kuganda kwenye bomba la mtaani. Ukija kufungua mtego unakuta maji masafi kiasi juu, unafurahi kwamba jikoni hawamwagi mafuta. Wanamwaga, ila hayakai kwako.

Kuna jambo la pili. Jikoni hutoa maji kidogo kidogo. Pampu hutoa maji yote kwa mkupuo, lita tano sita kwa sekunde, halafu inazima. Kila inapowaka inauchafua mtego mzima na kuyafumua hata mafuta yaliyokuwa yametulia tangu asubuhi.

Basi mpangilio ni huu: maji ya jikoni yanateremka yenyewe hadi mtegoni, yanatoka mtegoni kwa mteremko hadi shimoni, na pampu inayapandisha mtaani. Maji ya vyoo hayapiti mtegoni hata kidogo. Yana bomba lake linalokwenda moja kwa moja shimoni. Choo kikiingia kwenye mtego, tabaka la mafuta linachanganyika na kinyesi, na hakuna mtu atakayekubali kuyachukua mafuta hayo kwa matumizi yoyote. Mashine ya kusaga mabaki ya chakula nayo isiunganishwe kwenye mtego, maana inaujaza matope ndani ya siku chache.

Tupime sasa. Nitachukua mgahawa mmoja na tutakwenda nao mpaka mwisho: milo 200 kwa siku, jiko linafanya kazi saa 10, lina sinki la vyumba vitatu na mashine ya kuoshea vyombo. Vyoo vinne, sehemu mbili za kukojolea, na beseni nne za kunawia. Sakafu iko mita 3.6 chini ya usawa wa barabara.

Kwa mtego, EN 1825 inatupa njia ya kukadiria maji kwa idadi ya milo. Kwa mgahawa wa kawaida inachukua lita 50 kwa mlo, na inazidisha kwa 8.5 ili kupata saa ya msukosuko badala ya wastani wa siku. Milo 200 kwa lita 50 ni lita 10,000 kwa siku. Zidisha kwa 8.5, gawa kwa sekunde zilizomo kwenye saa 10, unapata takribani lita 2.4 kwa sekunde. Hayo ndiyo maji ya kilele cha jikoni.

Kisha kuna viongezo, na fomula yenyewe ni hii:

```
NS = Qs × ft × fd × fr
```

NS ni ukubwa wa mtego, Qs ni yale maji ya kilele. Kiongezo cha ft ni cha joto: kama maji yanaingia yakiwa na zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi, weka 1.3. Kiongezo cha fd ni cha uzito wa mafuta, na kwa mafuta ya kawaida ya kupikia ni 1. Kiongezo cha fr ni cha sabuni, 1.3 kwa jikoni yoyote inayoosha vyombo kwa sabuni, yaani karibu zote. Mgahawa wetu una mashine ya kuosha vyombo inayomwaga maji ya moto sana, kwa hiyo tunaweka vyote viwili: 2.4 mara 1.3 mara 1.3, tunakaribia 4. Mtego wa NS 4 ni saizi inayotengenezwa kiwandani, na hiyo ndiyo yetu.

Napenda kuuhakiki upimaji huu kwa njia nyingine, kwa sababu idadi ya milo ni ahadi ya mwenye mgahawa na ahadi hubadilika. Nenda kwenye sinki. Kila chumba kina sentimita 60 kwa 45 kwa 35, yaani kama lita 94. Vyumba vitatu ni lita 283. Sinki halijazwi pomoni, na vyombo vyenyewe vinachukua nafasi, kwa hiyo chukua robo tatu: lita 213. Zikifunguliwa zote kwa pamoja na kuisha ndani ya dakika moja, ni lita 3.5 kwa sekunde. Zikiisha ndani ya dakika mbili, ni 1.8. Hesabu yetu ya 2.4 imekaa katikati, na NS 4 inabeba hata ile ya dakika moja. Nikipata njia mbili zinapishana mbali sana, siiamini hata moja mpaka nimeongea na mpishi.

Mtego wa NS 4 kwa kiwango hicho unakuwa na chumba cha matope kisichopungua lita 400 na chumba cha kutenganisha mafuta cha kama lita 960, chenye uso wa mita moja ya mraba, na nafasi ya kuhifadhi lita 160 za mafuta. Hiyo ni lita 1,360 na zaidi za kitu kilichokaa chini ya ardhi ambacho lazima kifunguliwe. Wasanifu, nawaomba hapa: mfuniko wake unahitaji mtu asimame juu yake na kuunyanyua, na juu yake kusiwe na rafu wala friji. Na muweke tangu mwanzo bomba la kunyonyea linalotoka mtegoni hadi nje usawa wa barabara, lenye kiunganishi cha gari la kunyonya. Bila bomba hilo, mpira wa gari utapitishwa katikati ya meza za wageni, mwenye mgahawa ataahirisha kunyonya wiki baada ya wiki, na mtego uliopimwa kwa umakini utakuwa pipa lililojaa.

Tushuke shimoni. Na hapa nataka tubadilishe fikra, maana mtego unataka utulivu na maji yakae, lakini shimo la pampu linataka kinyume chake. Mtego mkubwa kidogo kuliko hitaji hauna madhara makubwa. Shimo kubwa kuliko hitaji ni ugonjwa.

Niliwahi kuitwa kwenye mgahawa ambako shimo lilichimbwa mita 3 kwa 2 na pampu iliwekwa iwake maji yakipanda sentimita 80. Mantiki ilikuwa kwamba shimo kubwa ni usalama. Lita 4,800 kwa kila mzunguko! Kwa wastani wa maji ya mgahawa wa kiasi kile, zaidi ya saa tatu zinapita kabla pampu haijawaka, na maji ya usiku yanalala mpaka kesho. Mafuta yaliyoponyoka mtegoni, na daima yapo yanayoponyoka, yanapoa na kupanda juu. Tulipofungua mfuniko, uso wote ulikuwa umefunikwa na gamba la kijivu ambalo ungeweza kuliwekea tofali. Boya la kuwashia pampu lilikuwa limenasa ndani ya gamba hilo, limelala ubavu. Maji yalikuwa yanapanda chini ya gamba na boya halijui. Na harufu ilikuwa ile ya mayai yaliyooza, ambayo mnaijua: ni gesi ya salfidi hidrojeni, inatengenezwa maji taka yakikaa bila hewa, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, na inaua. Fundi haingii kwenye shimo la namna hii kwa kushika pumzi. Ukizoea harufu yake kidogo pua inaacha kuinusa, na hiyo haimaanishi imeondoka.

Basi shimo la kiasi gani? Kwanza jua maji yanayoingia. Jikoni tumeshapata 2.4, na usisahau kwamba mtego haupunguzi kilele: mtego umejaa maji muda wote, kwa hiyo kinachoingia ndicho kinachotoka. Kwa vyoo tunatumia EN 12056, ambayo inakipa kila kifaa uzito wake. Choo cha kumwaga lita 6 ni 2.0, sehemu ya kukojolea na beseni ni 0.5 kila moja. Kwa orodha yetu jumla ni 11. Vifaa vyote havitumiki sekunde ile ile, kwa hiyo unachukua kipeuo cha pili cha jumla hiyo na kuzidisha kwa 0.7, ambacho ndicho kizidisho cha mahali penye matumizi ya mara kwa mara kama hoteli, shule na migahawa. Inatoka lita 2.3 kwa sekunde. Ukijumlisha na jikoni, kilele ni lita 4.7 kwa sekunde.

Pampu lazima izidi hapo, na kila moja peke yake. Nasema kila moja kwa sababu mgahawa hauwezi kufungwa pampu ikiungua saa ya chakula cha mchana, kwa hiyo zinawekwa mbili zinazopokezana. Tuchague lita 5.5 kwa sekunde. Kabla ya kuandika oda, angalia bomba la kupanda. Kwa pampu isiyosaga, bomba lenye kinyesi lisipungue kipenyo cha milimita 80. Lita 5.5 ndani ya bomba hilo zinakwenda kwa mita 1.1 kwa sekunde. Kiwango kinataka isipungue 0.7, maana chini ya hapo uchafu unatua na mafuta yanashika ukutani, na isizidi 2.3. Tuko salama. Kama mtu angeshawishika kuweka bomba la milimita 100 “ili liwe huru”, kwa pampu ile ile mwendo ungeshuka hadi 0.7 kamili, na pampu ikichakaa kidogo tu tumeanguka chini ya mstari. Kwenye bomba la kupanda, upana wa ziada unaleta kuziba.

Kimo cha kusukuma hakina mengi. Kutoka usawa wa maji pampu inapozima hadi sakafu ni kama mita 1.2, nitaonyesha sasa hivi zinatoka wapi. Ongeza 3.6 hadi barabarani. Ongeza sentimita 30, kwa sababu bomba la kupanda lazima lipindwe juu ya usawa wa barabara kabla halijashuka kuunganishwa na la mtaani, la sivyo bomba la mtaani likifurika maji yake yanarudi kwako, na valvu ya kuzuia kurudi peke yake si ya kuaminiwa pale ambapo kuna mafuta na vitambaa. Hiyo ni mita 5.1. Msuguano wa bomba la mita 14 na viungo vyake ni kama sentimita 60. Agiza pampu ya lita 5.5 kwa sekunde kwa kimo cha mita 6.

Sasa ujazo. Shimo linapimwa kwa swali moja: pampu inawaka mara ngapi kwa saa? Mota inapata joto kila inapoanza, na pampu nyingi ndogo za maji taka zinavumilia mara 10 hadi 15 kwa saa. Watu wengi hudhani hali mbaya ni maji yanapoingia kwa wingi kabisa. Hapana. Yakiingia karibu sawa na uwezo wa pampu, pampu inawaka na kubaki imewaka. Yakiingia kidogo sana, shimo linachukua muda kujaa. Hali mbaya iko katikati, pale yanapoingia nusu ya uwezo wa pampu. Hapo muda wa kujaa na muda wa kuisha vinalingana, na mzunguko ni mfupi kuliko wakati wowote. Ndiyo maana fomula ina nne chini:

```
V = Q × T / 4
```

Q ni uwezo wa pampu moja, T ni sekunde za mzunguko mfupi kuliko yote unaoukubali. Tukikubali mara 12 kwa saa, T ni sekunde 300, na V ni 5.5 mara 300 gawa kwa 4, yaani lita 412. Tuseme 400. Hiyo ndiyo nafasi kati ya kuwaka na kuzima. Lita mia nne tu, wakati yule bwana alichimba elfu nne mia nane.

Naona mkono umepanda kule. Ndiyo, pampu mbili zikipokezana kila moja itawaka mara 6 tu, kwa hiyo fomula ingeweza kugawa kwa 8 na shimo likawa nusu. Lakini siku pampu moja itakapoharibika ndiyo siku utakayojuta, kwa sababu ile iliyobaki itabeba mizunguko yote. Mimi nagawa kwa 4 na kupokezana nakuchukulia kama akiba ya mota.

Kwa upande wa pili, hakikisha lita hizo 400 si chache kuliko maji yaliyomo kwenye bomba la kupanda, ili kila mzunguko uyasukume nje yote badala ya kuyasogeza kidogo na kuyaacha yalale. Bomba la milimita 80 lina lita 5 kwa kila mita. Mita 14 ni lita 70. Hakuna shida.

Tuweke haya kwenye shimo lenye sentimita 120 kwa 120 kwa ndani. Eneo lake ni mita za mraba 1.44, kwa hiyo lita 400 ni kimo cha sentimita 28. Anzia sakafu ya shimo. Pampu izime maji yakiwa sentimita 35, kwa sababu mwili wa pampu lazima ubaki umefunikwa. Hapo angalia karatasi ya mtengenezaji. Iwake kwa 63. Pampu ya pili iwake kwa 75 ikiwa ya kwanza imezidiwa. Kengele ipige kwa 85. Bomba linaloingia liwe kwa 95, ili maji katika hali ya kawaida yasiwahi kufika mdomoni mwake.

Na kina cha shimo kinatokana na jikoni. Bomba la sinki la mbali kabisa likianza sentimita 30 chini ya sakafu, likaenda mita 8 hadi mtegoni kwa mteremko wa 1 kwa 50, limeshuka hadi 46. Mtego wenyewe unapoteza kama 7 kati ya kuingia na kutoka. Mita 3 zaidi hadi shimoni ni 6. Umefika 59. Jumlisha na zile 95 za ndani ya shimo, unachimba sentimita 154 kutoka sakafuni, na maji pampu inapozima yako 119 chini ya sakafu. Ndiyo ile mita 1.2 niliyotumia kwenye kimo cha kusukuma. Kama mpishi akisogeza sinki mita 5 zaidi baada ya zege kumwagwa, umepoteza sentimita 10, na sentimita 10 hizo zinakula nafasi yote iliyo kati ya bomba linaloingia na kengele yako.

Zile sentimita 35 za chini ambazo pampu haizigusi ni karibu lita 500, na ni zaidi ya ujazo wenyewe wa kazi. Zipunguze kwa kumwaga zege la mteremko mkali kwenye pembe, nyuzi 45 hadi 60, ili uchafu uteleze kwenda kwenye mdomo wa pampu. Na mwenye mgahawa amwagize mtu wake, mara moja kwa siku baada ya kufunga, aiwashe pampu kwa mkono hadi ianze kunguruma kwa kuvuta hewa, kisha azime. Kwa sekunde hizo chache utando wa juu unavutwa chini na kutoka kabla haujawa gamba.

Kuna jambo ambalo pampu mbili hazilitatui, nalo ni umeme kukatika. Kengele imepiga, pampu zote kimya. Kutoka kengele hadi sakafu ya jikoni kuna karibu lita 1,000 za nafasi. Kwa wastani wa siku, maji yote yakiwa kama lita 1,400 kwa saa, una karibu dakika 40. Kwa kilele cha lita 4.7, una dakika tatu na nusu. Kuchimba zaidi kungekupa dakika, lakini kungekurudishia gamba. Dawa yake ni kuifunga kengele na valvu ya umeme kwenye bomba la maji safi linaloingia mgahawani, ya aina inayojifunga umeme ukikatika. Wapishi watalalamika. Lakini maji yakishafungwa, kilichobaki cha kuingia shimoni ni kilichomo kwenye sinki na matangi ya vyoo, na hicho kinatoshea.

Kuhusu hewa nitapita haraka: mfuniko wa shimo usipitishe gesi, shimo liwe na bomba lake la hewa hadi juu ya paa, na lisiunganishwe na bomba la hewa la mtego.

Niwape mafundi kipimo cha siku ya makabidhiano, kinachohitaji futi na saa tu. Zuia maji yasiingie. Acha maji yafike usawa wa kuwaka, washa pampu moja, hesabu sekunde mpaka maji yashuke sentimita 28. Lita 403 kwa sekunde 73 ni lita 5.5. Rudia kwa pampu ya pili. Andika sekunde hizo kwa kalamu ya wino usiofutika ndani ya mlango wa paneli ya umeme, pamoja na namba za kaunta ya mara za kuwaka. Baada ya mwaka, sekunde zikiwa 110, pampu inatoa lita 3.7 tu. Ama bapa limelika, ama mafuta yameshika ndani ya bomba, ama valvu ya kuzuia kurudi imeshikwa na kitambaa. Kutofautisha ni rahisi: pampu ikizima na maji yakaanza kupanda shimoni wakati hakuna anayefungua bomba, valvu inarudisha. Kaunta nayo inasema lake. Pampu zikiwa zinawaka mara nyingi usiku mgahawa umefungwa, ama valvu inarudisha, ama maji ya ardhini yanaingia kwenye ukuta wa shimo.

Kwa upande wa mtego, chomeka fimbo mpaka chini na uangalie. Mafuta ya juu na matope ya chini vikijumlishwa vikafika robo ya kina, nyonya, hata kama ratiba inasema bado. EN 1825 yenyewe inataka isizidi mwezi mmoja, na ikiwezekana kila wiki mbili. Usikubali muuza dawa za kuyeyusha mafuta akuambie hutahitaji kunyonya tena. Mafuta yaliyoyeyushwa mtegoni yanaganda tena mbele, na mbele ya mtego wako ni shimo lenye pampu mbili za bei kubwa. Gari likishamaliza kunyonya, mtego ujazwe maji safi mpaka usawa wake kabla jiko halijafunguliwa. Ukiachwa mtupu, maji ya kwanza ya asubuhi yanaporomoka chini yakiyavuruga mafuta yake, na mafuta yote ya siku hiyo yanaingia shimoni.